Kuandaa Maswali ya Utetezi wa Tasnifu Kutoka Kwenye Ikisiri

Umeteuliwa kuingia kwenye jopo la utetezi wa tasnifu ya uzamili. Pamoja na barua ya uteuzi umepata ikisiri ya ukurasa mmoja. Tasnifu yenyewe, kurasa mia na ushei, iko mezani ama inakuja, nawe una vipindi vya kufundisha na mitihani ya kusahihisha. Mwongozo huu ni wako. Ni wako pia ukiwa msimamizi unayetaka kumfanyia mwanafunzi wako utetezi wa majaribio kabla ya siku yenyewe.

Lengo ni kwamba ukishamaliza kuisoma ikisiri uwe na maswali makuu matatu, kila moja likiwa na maswali yake ya kudodosa, na uwe unajua mapema jibu la kutosha linafananaje. Usiandae zaidi ya matatu. Katika utetezi wa saa moja hivi, jopo likiwa na watahini wanne au watano, huna nafasi ya kufuatilia swali la nne hadi mwisho, na swali lisilofuatiliwa halimpimi mtu.

Kwa nini uanze na ikisiri

Katika sura ya matokeo mwanafunzi ameweka majedwali mengi. Katika ikisiri ameteua namba mbili tatu, akasema zina maana gani na nini kifanyike. Hapo ndipo anapotoa ahadi zake zote kwa maneno machache, hivyo pengo lolote kati ya alichokifanya na anachodai huonekana upesi kuliko mahali pengine.

Sababu ya pili ni haki. Swali linalotoka kwenye sentensi ya mwanafunzi mwenyewe linahusu kazi yake. Mtahini asiyejiandaa huishia kuuliza kuhusu utafiti ambao yeye angeufanya: kwa nini hukwenda mkoa fulani, kwa nini hukutumia nadharia fulani. Mwanafunzi hana la kujibu hapo isipokuwa kuomba radhi, na jopo halijajua lolote kuhusu uwezo wake.

Lakini ikisiri ina mpaka wake. Vyuo vingi huibana isizidi maneno 300 hivi, kwa hiyo jambo lisilotajwa humo si lazima liwe limekosekana kwenye tasnifu. Ikisiri inakupa swali tu. Kosa, kama lipo, utalithibitisha kwenye tasnifu.

Ikisiri tutakayoifanyia kazi

Nimeitunga kwa ajili ya mwongozo huu, na namba zake ni za mfano. Chuoni ingekuwa kwa Kiingereza. Hapa iko kwa Kiswahili ili tuifuate kwa urahisi. Ni ya uzamili wa afya ya jamii.

> (1) Upungufu wa damu kwa wajawazito bado ni tatizo, lakini sababu zake katika ngazi ya wilaya hazijulikani vizuri. (2) Utafiti huu ulilenga kupima ukubwa wa tatizo hilo na kubaini sababu zake kwa wajawazito wa wilaya moja ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania. (3) Ulikuwa utafiti wa wakati mmoja katika kliniki tatu za serikali, ukihusisha wajawazito 384 walioteuliwa kwa nasibu. (4) Wingi wa damu ulipimwa mara moja kwa kila mama kwa kutumia HemoCue, na upungufu ukahesabiwa kuwa ni himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita. (5) Takwimu zilichambuliwa kwa SPSS. (6) Wajawazito 154 (asilimia 40.1) walikuwa na upungufu wa damu. (7) Walioanza kliniki baada ya wiki 12 za mimba walikuwa na uwezekano mara 2.35 zaidi wa kuwa na upungufu kuliko waliowahi. (8) Utafiti unahitimisha kuwa kuchelewa kuanza kliniki ndiyo sababu kuu ya upungufu wa damu wilayani. (9) Inapendekezwa kuwe na kampeni ya kuhimiza kuanza kliniki mapema ili kupunguza tatizo hilo kwa nusu.

Ukiisoma haraka haina kasoro, na Kiingereza chake kingekuwa safi. Ikisiri nyingi tunazopewa ni za namna hii.

Hatua ya 1: Zipe sentensi namba, kisha andika kila moja inafanya kazi gani

Chukua kalamu. Pembeni ya kila sentensi andika neno moja: *pengo, lengo, njia, namba, tafsiri, pendekezo*. Katika mfano wetu, 1 ni pengo, 2 ni lengo, 3 hadi 5 ni njia, 6 na 7 ni namba, 8 ni tafsiri, 9 ni pendekezo.

Kisha pigia mstari vitenzi na maneno yenye nguvu. Kwenye sentensi ya 2 ni "kubaini sababu". Kwenye ya 7 ni "mara 2.35 zaidi". Kwenye ya 8 ni "ndiyo sababu kuu". Kwenye ya 9 ni "kwa nusu". Maneno haya ndiyo mwanafunzi atakayowajibika kuyatetea.

Hatua ya 2: Tafuta mshono

Swali zuri halikai ndani ya sentensi moja. Hukaa kwenye mshono, pale sentensi moja inapounganishwa na nyingine na uzi ukalegea. Chukua sentensi mbili za aina tofauti na ujiulize: ya kwanza inatosha kuibeba ya pili?

Katika ikisiri yetu mishono mitatu imelegea:

- 3 na 2. Wajawazito 384 wa kliniki tatu wanatosha kusema habari za "wajawazito wa wilaya", na kubaini sababu?
- 7 na 8. Namba 2.35 inatosha kusema "ndiyo sababu kuu"?
- 8 na 9. Hata kama ndiyo sababu kuu, kuiondoa kutapunguza tatizo "kwa nusu"?

Mshono wa 7 na 8 ndio unaobeba tasnifu nzima, kwa hiyo utauandalia swali refu zaidi. Mmoja kati ya mishono yako uwe wa namna hii: ukikatika, hitimisho linaanguka. Hiyo miwili mingine inaweza kuwa midogo.

Hatua ya 3: Andika swali kuu

Swali kuu liwe na jambo moja, liwe fupi kiasi cha kusemwa kwa pumzi moja, na lisibebe jibu ndani yake. Linganisha haya mawili:

*Baya:* "Huoni kwamba utafiti wa wakati mmoja hauwezi kuonyesha chanzo na matokeo, na kwamba uwiano wa odi haupaswi kusomwa kama mara ngapi, hasa tatizo likiwa la kawaida, na je, ulizingatia umri wa mimba?"

*Zuri:* "Umeandika kuwa kuchelewa kuanza kliniki ndiyo sababu kuu. Tueleze ulivyofika kwenye hitimisho hilo kutoka kwenye namba 2.35."

Swali baya lina maswali matatu na majibu yote matatu. Mwanafunzi atajibu la mwisho kwa sababu ndilo alilolisikia, au atasema "ni kweli, Mwenyekiti, nitarekebisha", na utakuwa umepima unyenyekevu wake tu. Swali zuri linampa nafasi ya kutembea mwenyewe kutoka 7 hadi 8, nawe unatazama anapokanyaga.

Hatua ya 4: Fanya hesabu yako mwenyewe kabla ya kuandika dodosi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na bila hiyo dodosi zako zitakuwa za kubahatisha. Kwenye tasnifu tafuta jedwali lililotoa namba ya ikisiri. Tuseme umelikuta hili:

| | Wenye upungufu | Wasio na upungufu | Jumla |
|---|---|---|---|
| Walioanza baada ya wiki 12 | 114 | 126 | 240 |
| Walioanza mapema | 40 | 104 | 144 |
| Jumla | 154 | 230 | 384 |

Kokotoa kwa mkono. Odi ya waliochelewa ni 114 kwa 126, yaani 0.905. Odi ya waliowahi ni 40 kwa 104, yaani 0.385. Ukigawanya unapata 2.35. Namba ya ikisiri ni ya kweli, na ndiyo ambayo SPSS huionyesha kwenye safu ya `Exp(B)`.

Sasa soma jedwali hilohilo kwa asilimia. Waliochelewa wenye upungufu ni 114 kati ya 240, asilimia 47.5. Waliowahi ni 40 kati ya 144, asilimia 27.8. Ukigawanya asilimia hizo unapata 1.71. Mama aliyechelewa, kwa takwimu za mwanafunzi mwenyewe, alikutwa na upungufu mara 1.7 kuliko aliyewahi, si mara 2.35. Uwiano wa odi hukaribiana na uwiano wa asilimia pale tatizo linapokuwa adimu. Hapa linawagusa watu 40 katika kila 100, kwa hiyo namba hizo zimeachana, na mwanafunzi ameisoma moja kama nyingine.

Hiyo ni dodosi ya kwanza. Ya pili iko ndani zaidi, na hii ndiyo hutenganisha aliyeelewa utafiti wake na aliyeuendesha tu.

Kila mama alipimwa mara moja, siku aliyokutwa kliniki. Mama aliyeanza kliniki baada ya wiki 12 hawezi kuwa alipimwa kabla ya wiki 12, kwani hakuwepo. Aliyewahi anaweza kuwa alipimwa wakati wowote, hata wiki ya 8. Mimba inapokua, maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, na himoglobini hushuka hata kwa mama mwenye afya. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unatumia kiwango cha 10.5 kwa miezi mitatu ya kati, na 11 kwa miezi mitatu ya mwanzo na ya mwisho. Basi kundi la waliochelewa limejaa wanawake waliopimwa wakati damu inashuka kwa kawaida yake, na wakapimwa kwa kipimo kimoja cha 11 kwa mimba zote.

Je, hilo lina uzito? Tuseme kiambatisho cha tasnifu kinaonyesha kuwa kati ya wale 144 waliowahi, 50 walipimwa kabla ya wiki 12, na 5 tu kati yao walikuwa na upungufu. Waondoe. Wanabaki 94, wenye upungufu 35, ambao ni asilimia 37.2. Sasa unalinganisha asilimia 47.5 na 37.2 kwa wanawake wote waliopimwa baada ya wiki 12. Uwiano umeshuka kutoka 1.71 hadi 1.28, na kwa idadi hii ya watu tofauti hiyo inaweza kuwa imetokea kwa bahati. "Sababu kuu" imebaki kuwa dalili inayostahili kuchunguzwa.

Hesabu hiyo inachukua robo saa ukiwa na kikokotoo cha simu. Iweke kwenye karatasi yako pamoja na namba za kurasa. Usiwape jopo wala mwanafunzi kabla ya utetezi.

Hatua ya 5: Andika dodosi kwa kufuata jibu, si kwa kufuata orodha

Dodosi ni swali linalozaliwa na jibu. Lakini majibu ya watahiniwa huangukia katika mafungu yanayojulikana, hivyo unaweza kujiandaa. Kwa swali letu kuu andaa manne.

*a) Amejibu vizuri.* Anasema 2.35 ni uwiano wa odi, utafiti ni wa wakati mmoja, na neno "sababu" limezidi. Usimsifu ukahamia kwingine. Mpeleke mbele: "Ukiacha neno hilo, ni kitu gani kingine kinachotofautisha waliowahi na waliochelewa katika takwimu zako?" Hapa unamfungulia mlango wa umri wa mimba bila kuutaja.

*b) Amejibu nusu.* Anasema, "Waliochelewa wamekosa vidonge vya kuongeza damu, ndiyo maana." Ni hoja ya maana. Mshikilie hapohapo: "Ulipima idadi ya vidonge walivyotumia? Kwa maelezo ya mama, au kwa kadi yake ya kliniki?" Halafu: "Walipimwa damu mimba zikiwa na wiki ngapi?"

*c) Ametoa fasili.* "Uwiano wa odi ni kipimo cha uhusiano kati ya vigeu viwili..." Anakariri kitabu. Mrudishe kwenye jedwali: "Fungua ukurasa huo. Weka kidole kwenye namba nne zilizotoa 2.35, kisha utueleze mama mmoja katika kila seli ni nani."

*d) Amemsukumia mwingine.* "Mtakwimu ndiye aliyefanya uchambuzi." Kutafuta msaada wa takwimu si kosa katika vyuo vingi, mradi mwanafunzi aweze kueleza kilichofanyika. Usimshambulie. Mwambie: "Sawa. Alipokuletea matokeo haya, wewe ulifanya nini ili ujiridhishe kuwa yako sawa?" Akisema aliyalinganisha na majedwali ya msingi, mwombe akuonyeshe jinsi. Akinyamaza, jopo limejua linalotakiwa kujua.

Fungu la tano ni ukimya. Woga na kutojua hufanana sana kwa nje, kwa hiyo uwe na dodosi ya kushusha ngazi. Rudia swali kwa maneno mepesi, au gawanya: "Tuanze na hili: waliochelewa walikuwa wangapi, na wangapi kati yao walikuwa na upungufu?" Kama kanuni za chuo chako zinaruhusu, lirudie kwa Kiswahili. Nimeona watahiniwa waliokwama kwa Kiingereza wakaeleza jambo lilelile kwa ufasaha walipoulizwa kwa lugha wanayofikiria nayo, na kinachopimwa pale si Kiingereza.

Hivi ndivyo mfululizo unavyoweza kwenda:

— Bi mtahiniwa, walioanza mapema na waliochelewa walipimwa damu mimba zikiwa na umri gani?

— Ahsante, Mwenyekiti. Walipimwa siku tuliyowakuta kliniki.

— Kwa hiyo aliyechelewa angeweza kupimwa wiki ya 9?

— Hapana... hakuwa ameanza.

— Na aliyewahi?

— Aliyewahi ndiyo. (*Anatulia.*) Kumbe makundi hayakupimwa wakati mmoja wa mimba.

Maswali matatu mafupi, na kila moja lilitoka kwenye jibu lililotangulia. Hakuna aliyemwambia kosa lake, ameliona mwenyewe. Dodosi inayofuata ni ya kujenga: "Kwa takwimu ulizonazo, bila kurudi uwandani, ungefanya nini?" Akisema angewalinganisha wanawake wa umri mmoja wa mimba, au angeingiza umri wa mimba kwenye rigresheni, ameonyesha uwezo wa uzamili, hata kama tasnifu inahitaji marekebisho.

Hatua ya 6: Andika jibu la kutosha

Chini ya kila swali kuu andika mistari miwili: jibu la kutosha lina nini, na jibu bora linaongeza nini. Kwa swali letu:

*La kutosha:* anajua 2.35 ni uwiano wa odi, anaweza kuonyesha ilikotoka, anakubali kuwa utafiti wa wakati mmoja hauonyeshi kilichotangulia.

*Bora:* anataja mwenyewe umri wa mimba siku ya kipimo na namna ya kuurekebisha.

Bila mistari hii utamhukumu mwanafunzi kwa sauti yake. Anayejibu kwa kujiamini atapata alama zaidi ya anayejibu taratibu, hata wakisema jambo lilelile.

Mishono midogo miwili, kwa kifupi

*Sampuli (3 na 2).* Swali kuu: "Tueleze namba 384 ilipatikanaje." Utajua upesi kama anaelewa, kwa sababu 384 hutoka kwenye fomula maarufu:

```
n = Z² p (1 − p) / d²
  = 1.96² × 0.5 × 0.5 / 0.05² = 384.16
```

Dodosi ya kwanza: "Kwa nini p ni 0.5?" Jibu la kawaida ni kwamba ukubwa wa tatizo haukujulikana. Lakini upungufu wa damu kwa wajawazito umekuwa ukipimwa nchini, ukiwemo katika Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16. Jibu zuri ni kwamba 0.5 hutoa sampuli kubwa kuliko zote, kwa hiyo ni salama. Dodosi ya pili: "Hesabu ilitoa 384 na uliowapata ni 384 kamili. Hakuna aliyekataa, hakuna sampuli iliyoharibika?" Aliyejipanga angetarajia, kwa mfano, kuwakosa asilimia 10 ya atakaowafuata, akawafuata wajawazito 427, na mwishoni angebaki na idadi isiyo nadhifu. Dodosi ya tatu ndiyo nzito: fomula hii ni ya kukadiria ukubwa wa tatizo, yaani nusu ya kwanza ya lengo. Kulinganisha makundi mawili kunahitaji hesabu nyingine. Aliifanya?

Na wanawake wasiofika kliniki kabisa wako wapi katika "wajawazito wa wilaya"? Liulize hili ukibaki na muda.

*Pendekezo (8 na 9).* Swali kuu: "Nusu imetoka wapi?" Tena tumia jedwali lake. Hata tukikubali kila alichodai, waliochelewa wote wakianza mapema na kufanana na waliowahi, upungufu ungeshuka kutoka asilimia 40.1 hadi 27.8. Hilo ni punguzo la takribani asilimia 31 ya tatizo, halijafika nusu. Jibu la kutosha ni kukubali na kulirekebisha neno. Hili lisichukue zaidi ya dakika tatu.

Hatua ya 7: Thibitisha kwenye tasnifu, kisha panga mwendo

Rudi kwenye tasnifu na maswali yako mkononi. Kwa kila dodosi tafuta kama jibu liko tayari. Ukikuta mwanafunzi ameeleza umri wa mimba vizuri katika sura ya tano, usilifute swali, libadilishe: "Sura ya tano umeeleza vizuri athari ya umri wa mimba. Kwa nini ikisiri yako inasema kana kwamba haipo?" Hapo mshono umehamia kati ya tasnifu na ikisiri yake, na hilo ni kosa halisi, maana wengi wataisoma ikisiri peke yake.

Tazama pia yale ambayo ikisiri haiwezi kuyasema. Utafiti huu ni wa nyanda za juu. Himoglobini hupanda mahali pa juu kutoka usawa wa bahari, na Shirika la Afya Duniani linaelekeza kipimo kirekebishwe kwa mwinuko. Kama tasnifu haikufanya hivyo, huenda asilimia 40.1 ni ndogo kuliko hali halisi. Uliza kwa sentensi moja: "Kliniki hizo ziko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na hilo lilibadili nini katika kipimo chako?"

Mwendo uwe hivi: anza na swali la sampuli, kwa sababu mwanafunzi amelizoea na litamtuliza. Katikati weka mshono mkuu, upe nusu ya muda wako. Malizia na pendekezo. Ukianza na gumu, mwanafunzi anaweza kuvunjika moyo dakika ya tano, na yote yatakayofuata yakapima hofu.

Makosa yanayojirudia kwa watahini

Kosa la kwanza ni kuuliza "udhaifu wa utafiti wako ni upi?" na kuishia hapo. Kila mwanafunzi ana orodha aliyoikariri: muda mfupi, fedha chache, washiriki kutosema kweli. Ukiliuliza, dodosa papo hapo: "Chagua mmoja. Unabadilisha namba ipi katika ikisiri, na kuipeleka juu au chini?" Hapo orodha ya kukariri haisaidii.

Kosa la pili ni kujijibu. Ukimya wa sekunde kumi ni mrefu chumbani, na mtahini huanza kueleza alichotaka kusikia. Hesabu kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo tena.

La tatu ni kutoa swali lako kwa mwanafunzi kabla ya siku, kwa nia njema ya kumsaidia. Msimamizi anayefanya utetezi wa majaribio atumie mishono mingine ya ikisiri hiyohiyo, au ikisiri ya mwanafunzi mwingine. La sivyo utapima kumbukumbu.

La nne ni watahini wawili kuuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Kabla ya kuingia, mwambie mwenyekiti ni mishono ipi umeichukua.

Kagua karatasi yako usiku wa kuamkia utetezi

- [ ] Kila swali kuu linataja sentensi ya ikisiri kwa namba
- [ ] Hakuna swali lenye "na je" katikati
- [ ] Namba za mwanafunzi nimezikokotoa mwenyewe
- [ ] Kila swali kuu lina dodosi za jibu zuri, la nusu, la kukariri, la kusukumia wengine, na la ukimya
- [ ] Jibu la kutosha limeandikwa
- [ ] Kurasa za majedwali zimewekwa alama
- [ ] Hakuna swali linalohusu utafiti ambao ningeufanya mimi

Acha nafasi tupu upande wa kulia wa karatasi. Humo, wakati wa utetezi, andika maneno ya mwanafunzi kama alivyoyasema, si maoni yako kuyahusu. Jopo likikaa kuamua, maandishi hayo ndiyo yatakayogeuzwa kuwa orodha ya marekebisho, na kila sharti litaandikwa kwa namna inayotekelezeka: "Sentensi ya 8: ondoa 'ndiyo sababu kuu', weka 'kunahusiana na'. Jedwali husika: onyesha matokeo kwa umri wa mimba siku ya kipimo. Sentensi ya 9: ondoa 'kwa nusu', au onyesha hesabu yake."